Shajara ya vitambaa 32: pamba ya 20/2, akriliki ya 2/32 na mizani ya sonara

4 Machi, Moshi

Kazi imeingia: vitambaa vya meza 32, upana sentimita 60, pamba ya rangi ya maziwa, na kila kimoja kiwe na milia ya damu ya mzee au ya kijani. Nikijumlisha milia yote ya kitambaa kimoja napata sentimita 24 za mshindio wa rangi, yaani uzi unaopita kwa upana wa kitambaa. Pamba ya rangi ya maziwa ninayo ya kutosha, ile ya 20/2 ninayotumia siku zote kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, na kwenye mshindio. Pamba ya rangi sina, na hapa mjini wiki hii sijaipata.

Nimezunguka maduka ya nyuzi hadi miguu ikaota moto. Kilichopo ni akriliki ya wafuma sweta za shule, koni kubwa zenye lebo ya 2/32, na poliesta yenye lebo ya 300D. Nikamuuliza Mangi mwenye duka, upi una unene sawa na pamba yangu ya 20/2?

"Mama, zote saizi moja tu. Uzi ni uzi."

Nikanunua koni moja ya akriliki ya damu ya mzee na koni moja ndogo ya poliesta, kwa majaribio tu. Sikumbishia. Ila njiani kwenye bajaji nilikuwa nawaza: 20, 32 na 300 haziwezi kuwa namba za kipimo kimoja. Ingekuwa ni kipimo kimoja, poliesta ile ingekuwa kamba ya kufungia ng'ombe, na kwa macho naiona ni nyembamba kuliko pamba yangu.

6 Machi

Nimekwenda Pasua kumwona mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kusokota nyuzi Arusha kabla hajastaafu. Nimemkuta anakoboa mahindi kibarazani. Nikamwamkia, nikamwekea zile koni tatu mezani.

"Marahaba, mwanangu. Hizi ni lugha tatu," akasema kabla hata sijaeleza shida yangu. "Unataka kuzilinganisha bila mkalimani?"

Alivyonieleza naandika hapa ili nisisahau. Namba za uzi ziko koo mbili. Ukoo wa kwanza unashika urefu mmoja na kuuliza una uzito gani. Humo yumo teksi, yaani gramu za uzi wa mita 1,000, na denia, yaani gramu za uzi wa mita 9,000. Namba ikipanda, uzi umenenepa. Chandarua chenye denia 100 kina uzi mzito kuliko cha denia 75, na hilo kila aliyenunua chandarua analijua hata kama hajui denia ni nini. (Teksi hii si ile ya stendi. Kwenye hesabu nitaiandika `tex` ili nisichanganye.)

Ukoo wa pili unashika uzito mmoja na kuuliza umetoa urefu gani. Namba ya pamba, inayoandikwa Ne, ni ya huku: ratili moja ya uzi imetoa mashada mangapi ya yadi 840. Uzi mwembamba unakwenda mbali zaidi kwa ratili ileile, kwa hiyo namba ikipanda uzi unapungua. Ndiyo sababu uzi wa 40 ni mwembamba kuliko wa 20, na ndiyo sababu mtu aliyezoea denia akishika lebo ya pamba anaelewa kinyume.

Nikamuuliza hizo 9,000 zilitoka wapi, maana 1,000 naielewa. Akacheka. Ni hesabu ya wafanyabiashara wa hariri wa zamani Ulaya: walipima mita 450 za hariri kwa mawe ya mizani ya nusu ya sehemu ya kumi ya gramu. Mita 450 kwa gramu 0.05, ukiizidisha mpaka ifike gramu moja, unapata mita 9,000. Jina lenyewe ni la sarafu ya kale, ndugu wa dinari yetu ya vitabuni.

Daraja la kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine ni namba moja tu. Ratili ni gramu 453.6. Yadi 840 ni mita 768.1. Uzi wa namba 1, yaani shada moja kwa ratili moja, una gramu 453.6 katika mita 768.1, na ukiunyoosha hadi mita 1,000 unapata gramu 590.5. Basi:

```
tex   = 590.5 / Ne
Ne    = 590.5 / tex
denia = tex × 9
```

Hapo nikataka kukimbilia jibu. Pamba yangu ni 20, nikagawa 590.5 kwa 20, nikapata teksi 29.5. Poliesta ni denia 300, nikagawa kwa 9, nikapata teksi 33.3. "Karibu sawa!" nikasema. "Mangi alikuwa na haki."

Mzee akaukata uzi wa pamba kama shubiri moja, akaufumua msokoto kwa vidole. Ukaachana nyuzi mbili.

"Hiyo /2 umeiacha wapi?"

Ile 20 ni namba ya uzi mmoja kabla ya kuunganishwa. Mbili zikisokotwa pamoja, uzito unazidishwa kwa 2, kwa hiyo pamba yangu ni teksi 59, sawa na denia 531, sawa na namba 10 ya uzi mmoja. Kwenye ukoo wa pili lazima ugawe (20 kwa 2 ni 10), kwenye ukoo wa kwanza lazima uzidishe. Poliesta ya 300D ya koni yangu ni uzi mmoja tu, kwa hiyo ina uzito kama nusu ya pamba yangu. Ili ikaribie ningeiingiza kwenye bobini mara mbili, denia 600, teksi 66.7.

Akriliki ya 2/32 aliitazama, akaigeuza, akanirudishia. "Hii sina uhakika nayo. Kaiweke kwenye mizani."

9 Machi

Tatizo la 2/32 ni hili. Nyuzi za sweta mara nyingi huhesabiwa kwa namba ya metriki, Nm: kilomita ngapi za uzi kwa kilo moja. Hiyo nayo ni ya ukoo wa pili, ila kwa kilo na mita badala ya ratili na yadi. Tena wenyewe huandika idadi ya nyuzi mbele na namba nyuma, 2/32, ambapo watu wa pamba wangeandika 32/2. Lakini si wote wanaofuata utaratibu huo, na lebo ya koni yangu haikuandika Ne wala Nm. Imeandika 2/32 na rangi, basi.

Ikiwa ni Nm, nyuzi mbili za 32 zinakuwa 16, na 1,000 ukigawa kwa 16 ni teksi 62.5. Ikiwa ni namba ya pamba, 590.5 ukigawa kwa 16 ni teksi 36.9. Tofauti ni kubwa mno kuiachia bahati. Ila uzuri wake ndio huo huo: kwa kuwa ni kubwa, hata kipimo cha nyumbani kitaitambua. Mita 100 za uzi huu zitakuwa na ama gramu 6.25 ama gramu 3.69.

Fundi seremala jirani amenitengenezea kizungushio: mbao nne, pembe zimepigwa msasa, mzunguko mmoja ni mita moja kamili kwa futi ya kamba. Mizunguko 100, mita 100. Mizani nimeazima kwa sonara, inayosoma hadi gramu 0.01. Mizani ya jikoni nilishaijaribu ikanionyesha 6, ikatulia hapohapo, na kwa mizani ya namna hiyo 5.6 na 6.4 ni kitu kimoja.

Gramu za mita 100 mara 10 ndizo teksi, hakuna hesabu nyingine.

Nilianza na pamba, kwa sababu namba yake naijua. Ikinipa kitu mbali na 59, kosa ni la kizungushio changu, si la uzi. Imetoa 5.93. Teksi 59.3. Ile ziada ndogo hainisumbui: nyuzi zikisokotwa pamoja zinafupika kidogo, kwa hiyo mita moja inabeba uzi zaidi ya mita moja.

Kisha akriliki: 5.87.

Si 6.25, wala si 3.69. Jibu la Nm liko wazi, lakini pungufu ya asilimia 6 ilinikera, maana pamba ilikuwa imekaa sawa. Binti anayenisaidia ndiye aliyeona. "Dada, unauvuta." Kweli. Pamba haivutiki sana, ukiikaza kidogo haikudanganyi. Akriliki ya sweta ni kama mpira. Niliizungusha kwa mkono uleule niliotumia kwa pamba, nikaingiza mita 94 za kweli zikiwa zimenyooshwa hadi zikajaza mita 100 za kizungushio. Nilipoukata na kuuondoa, uzi wote ulijikunja ukawa mfupi. Hiyo ndiyo dalili: shada likitolewa kwenye mbao likasinyaa papo hapo, kipimo hakifai.

Nimerudia mara tatu, uzi ukipita kwenye vidole bila kubanwa, koni ikiwa imesimama sakafuni chini ya kizungushio ili uzi utoke juu yake wenyewe. Nimepata 6.18, 6.24 na 6.20. Wastani ni teksi 62. Ni Nm, kwa hiyo.

Sasa nina pamba ya teksi 59 na akriliki ya teksi 62. Tofauti ya asilimia 5. Nimelala nimeridhika.

17 Machi

Sijaridhika tena.

Nimefuma kipande cha majaribio, sentimita 20 za pamba na katikati mlia wa sentimita 4 wa akriliki. Mlia umetuna kama mshipa wa mkono wa mbeba mizigo. Ukipitisha kidole juu ya kitambaa unajikwaa. Pamba inaingia mshindio 12 kwa kila sentimita. Akriliki, nikiipiga kwa nguvu ileile ya kichana, inaishia 9 na nusu, na pindo la kitambaa hapo limejikunja nje kama sikio.

Nilihesabu upya, nikidhani nimekosea kugawa. Hesabu ni sahihi, ila swali nililokuwa nimejibu silo nililohitaji. Teksi, denia, namba ya pamba, zote zinapima uzito wa urefu fulani. Hakuna hata moja inayopima unene. Tunaposema uzi wa teksi 60 ni mnene kuliko wa teksi 30 tunasema kweli maadamu nyuzi zote mbili ni pamba, au zote ni akriliki, na zimesokotwa kwa namna moja. Ukivuka kutoka aina moja kwenda nyingine, unalinganisha gunia la mkaa na gunia la mahindi kwa kilo halafu unashangaa moja halipiti mlangoni.

Akriliki ni nyepesi. Sentimita moja ya ujazo wa nyuzinyuzi za pamba ina gramu kama 1.52, poliesta 1.38, akriliki kama 1.17, nailoni 1.14. Kwa uzito uleule, akriliki lazima ichukue nafasi zaidi.

18 Machi

Leo kazi ya karatasi na rula.

Kipenyo cha uzi kinaweza kukisiwa ukiuchukulia kama fimbo ya duara. Ukijua uzito wa urefu wake na uzito wa ujazo wake, eneo la mkato linapatikana, na kutoka hapo kipenyo:

```
kipenyo (mm) = 0.0357 × SQRT(tex / u)
```

Hapo `u` ni gramu kwa sentimita ya ujazo ya uzi mzima, si ya nyuzinyuzi peke yake, kwa sababu ndani ya uzi kuna hewa. Kwa pamba iliyosokotwa kawaida, nyuzinyuzi zinajaza kama asilimia 60 ya nafasi na iliyobaki ni hewa. Kwa hiyo 1.52 mara 0.6 ni 0.91. Ukiweka teksi 59 unapata kipenyo cha milimita 0.287.

Akriliki, nikiipa asilimia 60 hiyohiyo, `u` ni 0.70, na teksi 62 inatoa milimita 0.336. Hapo tayari imezidi pamba kwa asilimia 17, wakati uzito umezidi kwa asilimia 5 tu. Ni kipeuo cha pili kinachofanya kazi hapo: uzito ukipanda kidogo kipenyo kinapanda karibu nusu yake tu, lakini tofauti ya ujazo nayo inaingia, na zote mbili zimeelekea upande mmoja.

Asilimia 17 lakini haitoshi kueleza nilichokiona. Kutoka mshindio 12 hadi 9 na nusu ni zaidi ya hapo. Nikachukua rula ya mbao, nikaviringisha pamba juu yake, mzunguko ukigusana na mzunguko, hadi nikajaza sentimita 2. Pamba: mizunguko 67. Akriliki: 53. Yaani akriliki ni nene kuliko pamba mara 1.26.

Kinachobaki kati ya 1.17 na 1.26 ni hewa. Akriliki ya sweta imetengenezwa makusudi ijae hewa, ndiyo inayompa mtoto joto mwezi wa sita na wa saba baridi ya mlimani inaposhuka. Nikijaribu namba mbalimbali kwenye fomula, ile inayokaribia rula ni asilimia 52 za nyuzinyuzi badala ya 60. Hiyo asilimia huwezi kuisoma kwenye lebo yoyote. Ndiyo maana rula iko mezani pamoja na mizani: mizani inanipa teksi, rula inanionyesha hewa.

Basi swali sasa ni: nahitaji akriliki ya teksi ngapi ili unene ulingane na pamba yangu? Nataka kipenyo kipungue mara 1.26, na uzito unafuata kipenyo mara kipenyo. Kwa hiyo 62 ugawe kwa 1.26, ugawe tena kwa 1.26. Kama teksi 39.

Nilipoiona hiyo 39 nilicheka peke yangu. Ile lebo ya 2/32 ningeisoma vibaya kama namba ya pamba ingekuwa teksi 36.9, karibu kabisa na uzi ninaoutaka. Ila kuisoma vibaya kusingeufanya uzi wa kwenye koni uwe mwembamba.

19 Machi

Poliesta, kwa kifupi, kwa sababu nimeiacha. Niliiweka mara mbili, denia 600, nikaiviringisha kwenye rula. Mara ya kwanza 58. Mara ya pili, nikiwa nimekaza kidogo, 71. Hiyo ni poliesta iliyokunjwakunjwa kiwandani ili iwe na ujazo, haina msokoto wa kuishika. Ukiiacha inajaa, ukiivuta inalala kama utepe. Uzi wa namna hiyo hauna kipenyo kimoja cha kuandika kwenye daftari. Kwa pamba na akriliki iliyosokotwa, nikirudia napata tofauti ya mzunguko mmoja au miwili. Kwa hii napata 13. Nikiona hivyo najua rula haifai, na jibu liko kwenye kitambaa tu.

24 Machi

Masika yameanza kweli, paa limepigwa usiku kucha. Asubuhi nimepima pamba tena kwa sababu nilitaka kumwonyesha binti jinsi inavyofanywa, nikapata 5.96. Nikadhani amekosea kuhesabu mizunguko. Shada lilelile tukaliacha juu ya kabati karibu na jiko hadi saa tisa alasiri, jua likiwa limetoka. 5.81.

Uzi ni uleule, mita ni zilezile 100. Ni maji. Pamba inakunywa unyevu wa hewa, na kwenye biashara inakubalika kwamba kila gramu 100 za pamba kavu zibebe gramu 8.5 za maji. Ndiyo sababu maabara hupima kwenye chumba chenye nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65. Akriliki tuliipima saa hizohizo mbili: 6.23 na 6.20. Haijali. Poliesta ingejali hata chini ya hapo, kiwango chake ni gramu 0.4.

Kwa kazi yangu tofauti hii ni ya asilimia 2 na nusu, inaisogeza pamba kati ya namba 9.9 na 10.2, na kitambaa hakitaiona. Lakini ukiwa unanunua pamba kwa kilo asubuhi ya mvua, sehemu ya kilo hiyo ni mvua. Nimeanza kupima pamba na akriliki siku moja, saa moja, na kuandika kama kulikuwa na mvua.

29 Machi, Arusha

Nimeshuka Arusha na basi la saa kumi na mbili. Duka la nne ndilo lenye akriliki ya 2/48. Safari hii sikuuliza unene. Nimeuliza, "Kaka, hii 48 ni ya kilo au ya ratili?" Akaniangalia kama nimemuuliza jina la babu yake, lakini akaingia ndani akatoka na boksi lenyewe, na kwenye boksi imeandikwa `Nm 2/48`. Kumbe lebo za koni zimekatwa, boksi limekamilika.

Nm 2/48 ni 24, teksi 41.7. Nilitaka 39. Imezidi kidogo, na kwa kipenyo ni asilimia 3 hivi, niliona itavumilika.

Kiasi cha kununua nilikuwa nimekiandika kabla sijatoka nyumbani. Milia ya sentimita 24 kwa mshindio 12 ni mipito 288. Kitambaa ni sentimita 60 lakini mshindio unapanda na kushuka juu ya mtande, naweka sentimita 65 kwa kila mpito. Inakuwa mita 187 kwa kitambaa, karibu mita 6,000 kwa vyote 32. Uzi wa Nm 24 unatoa mita 24,000 kwa kilo (hapo Nm ni rahisi, namba yenyewe ndiyo kilomita), basi robo kilo inatosha, na pamoja na upotevu gramu 275. Kwa ile 2/32 ningehitaji kama gramu 375 kwa mita hizohizo. Nimechukua damu ya mzee gramu 200 na kijani gramu 100. Ile kijani ni mabaki, koni imeshatumika, haina lebo wala boksi. Kaka ameniapia ni uzi uleule.

31 Machi

Damu ya mzee: mita 100 ni gramu 4.15, teksi 41.5. Rula: mizunguko 65, pamba 67. Kipande cha majaribio kimetoka asubuhi. Mshindio wa mlia ni kati ya 11 na nusu na 12 kwa sentimita, pindo limenyooka, kidole kinapita bila kujikwaa. Ukiinua juu ya dirisha unaona mlia una joto na manyoya kuliko pamba, lakini hilo ni suala la aina ya uzi na mteja ameshalikubali. Pasi ni ya moto mdogo hapo. Nimeandika kwenye karatasi ya kumkabidhi, maana pasi ya pamba itailaza akriliki na ile hewa yote haitarudi.

2 Aprili

Vitambaa vitatu vimekatwa, vyote vya damu ya mzee. Leo zamu ya kijani.

Binti alikuwa ameshaanza kuiingiza kwenye bobini. Nikamwambia ngoja, kwanza kizungushio. Gramu 3.57. Tukarudia, 3.58. Hiyo ni teksi 35.7, si 41.5, kwa hiyo si uzi uleule hata kama kaka ameapa. Ukigawa 1,000 kwa 35.7 unapata Nm 28. Nikaukata kipande, nikaufumua kama mzee alivyofanya kwenye kibaraza chake: nyuzi mbili. Basi ni 2/56.

Kabla ya rula tulikisia. Teksi 41.5 kwa 35.7, kipeuo cha pili, uzi unapungua unene kwa kama asilimia 7, kwa hiyo mizunguko 65 iwe 70. Binti akaviringisha taratibu, ulimi nje. Akahesabu mara mbili. "Sitini na tisa."

Pamba ni 67, iko katikati ya nyuzi mbili za rangi. Kitambaa cha nne kimeshapanda kwenye kitanda cha mfumi na mlia wa kijani umefika sentimita 3, mshindio 12 na kidogo. Mizani namrudishia sonara Jumamosi.